Kabla hujalipa dola kupanga posti, hesabu kwanza posti zako

Dadangu mkubwa anauza viatu vya mitumba pale soko la Toi. Juzi alinitumia meseji saa tano usiku: "Wewe mtu wa kompyuta, nimeambiwa nilipie apu ya kupanga posti. Dola 18 kwa mwezi. Ni poa ama naibiwa?"

Haibiwi. Apu aliyotajiwa ni ya ukweli na bei ni hiyo. Lakini nilimwambia asilipe bado, na hapa nataka kukueleza ni kwa nini. Najua wasee wengi wenye biashara ndogo mko kwenye hiyo njia panda. Mmechoka kuposti kwa mkono huku mteja anasubiri chenji, halafu mtu anakuja na apu inayoahidi kukufanyia kila kitu.

Tuanze na vitu vyenyewe. Kupanga posti mapema, au kuskejuli kama tunavyosema mtaani, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ratiba iliyo ndani ya mtandao wenyewe. Instagram iliiweka ndani ya apu yake mwishoni mwa 2022, kwa akaunti za kitaalamu, yaani za biashara au za wabunifu. Unatengeneza posti kama kawaida, unafika ukurasa wa mwisho, unafungua "More options", unachagua siku na saa, basi. Inakuruhusu kupanga hadi posti 25 kwa siku, na hadi siku 75 mbele. Kama una ukurasa wa Facebook pia, kuna Meta Business Suite, ambayo ni bure na ina apu ya simu. Hiyo inatuma posti moja Facebook na Instagram kwa mpigo.

Njia ya pili ni apu ya nje, kama Buffer, Hootsuite na nyingine nyingi. Hizi hazimilikiwi na mtandao unaopostia. Unaziunganisha na akaunti zako, unaandika posti zako sehemu moja, nazo zinazisambaza.

Watu wengi wanadhani tofauti ya hizi mbili ni bei. Tofauti kubwa ni kwamba ratiba ya ndani ni mwenye nyumba, na apu ya nje ni mgeni uliyempa ufunguo. Ukibonyeza "Schedule" ndani ya Instagram, posti yako tayari iko kwenye mitambo ya Instagram. Simu yako ikizima, stima zikipotea, bando ikiisha, itatoka tu. Apu ya nje inaihifadhi kwenye mitambo yake, kisha saa ikifika inabisha mlango wa Instagram na kuonyesha ufunguo uliopewa. Ufunguo ukiwa sawa, posti inapita. Ukiwa umeharibika, posti inabaki nje na wewe uko usingizini.

Hapo kwa ufunguo tutarudi. Kwanza hesabu.

Nilimwambia dadangu afungue akaunti zake aone aliposti nini wiki mbili zilizopita. Alikuwa na posti 12 kwa wiki, Instagram na Facebook zikienda sambamba. Halafu nikamuuliza: katika hizo 12, ni ngapi ungeweza kuziandaa Jumapili na kuzisahau?

Alifikiri kidogo. Saba kati ya hizo 12 zilikuwa picha za jozi moja moja. Unajua mitumba. Belo ikifunguliwa, kila jozi iko peke yake, saizi yake, hali yake. Hakuna ya pili. Sasa ukipanga picha ya raba nyeupe saizi 40 itoke Ijumaa saa moja jioni, na Alhamisi mtu akapita hapo kibandani akainunua, Ijumaa utapata DM 15 za "bado iko?" na jibu lako kwa wote ni "imeenda". Mteja akijibiwa hivyo mara tatu, anaacha kuuliza. Kwa hivyo hizo saba hazifai kupangwa kabisa, na hakuna apu itakayobadilisha hilo. Zinapostiwa kwa mkono, kiatu kikiwa bado mbele yako.

Zilizobaki ni tano. Posti ya jinsi ya kupima mguu ukiwa nyumbani. Ya siku za kufungua belo. Ya mahali kibanda kiko na alama ya kukifikia. Ya gharama na siku za delivari. Na video fupi ya kusafisha suede bila kuiharibu. Hizi tano hazitegemei kama jozi fulani bado iko. Ndizo za kupanga.

Posti tano kwa wiki, mitandao miwili, yote ya kampuni moja. Meta Business Suite inalimaliza hilo Jumapili jioni chai ikipoa, kwa bei ya sufuri.

Sasa tuweke dola 18 kando yake. Buffer hutoza dola 6 kwa mwezi kwa kila akaunti unayounganisha, kwa mpango wake wa kulipia wa chini, ukilipa mwezi kwa mwezi. Dadangu angeunganisha tatu: Instagram, Facebook na TikTok. Kwa dola moja kama shilingi 130 hivi, ni shilingi 2,340. Yeye akiuza jozi moja, akitoa bei ya belo na usafiri, anabaki na kama shilingi 400. Kwa hivyo jozi sita kila mwezi zingeuzwa kulipia apu.

Na apu ingemwokolea nini? Facebook na Instagram tayari zinakwenda pamoja bure. Kilichobaki ni TikTok, ambapo anaweka video mbili kwa wiki. Kila video inamla dakika tano kupandisha kwa mkono. Hiyo ni dakika 40 kwa mwezi. Analipa 2,340 kuokoa dakika 40, na hata TikTok yenyewe ina ratiba yake ndani ya TikTok Studio kwenye kompyuta, ingawa haikuruhusu kupanga mbali kama Instagram.

Utaniambia, "Lakini Buffer ina mpango wa bure." Ni kweli, na ni mzuri. Unakuruhusu kuunganisha akaunti tatu, na kila akaunti kuwa na posti 10 zinazosubiri kwenye foleni kwa wakati mmoja. Kwa posti tano za dadangu, hizo 10 ni za wiki mbili nzima. Kama unapenda kuona kila kitu mahali pamoja, ijaribu. Lakini usijenge biashara juu ya bure ya mtu. Hootsuite nayo ilikuwa na mpango wa bure ambao watu walizoea kwa miaka, ikaufunga Machi 2023. Ukitumia bure ya nje, weka nakala ya picha na maneno yako kwenye simu au Google Drive, ili siku wakibadilisha bei usianze upya.

Sasa turudi kwa ufunguo, kwa sababu hapa ndipo nimechomeka mwenyewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kinachonilipia kodi ni kusimamia kurasa za biashara tano za watu. Nina mteja mwenye saluni. Siku moja alihisi kuna mtu anachungulia Facebook yake, akabadilisha nywila. Alifanya vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba ukibadilisha nywila ya Facebook, funguo zote ulizokuwa umezipa apu za nje zinakufa papo hapo. Sikujua amebadilisha. Posti tatu za wikendi, msimu wa kusuka watoto kabla ya shule kufunguliwa, zikabaki nje ya mlango. Apu ilituma barua pepe ya onyo, lakini ilienda kwa anwani ya zamani ambayo hakuna mtu huifungua. Mimi nilijua Jumatatu, aliponipigia kuuliza kama nimeacha kazi.

Hata bila kubadilisha nywila, funguo hizi za Meta zina umri. Ule wa muda mrefu kwa kawaida huishi takriban siku 60, na apu nzuri huuhuisha au kukukumbusha kuunganisha upya. Kwa hivyo ukiamua kutumia ya nje, fanya mambo mawili. Hakikisha onyo linaenda kwa barua pepe unayoifungua kila siku. Na kila Jumapili, kabla ya kupanga za wiki mpya, angalia kama za wiki iliyopita kweli zilitoka, ukiangalia kwenye ukurasa wenyewe, si ndani ya apu. Ratiba ya ndani haina ugonjwa huu wa ufunguo.

Kosa langu la pili lilikuwa la saa. Mteja wa kibanda cha chakula alitaka ofa ya lanchi itoke saa tano asubuhi, watu wakianza kufikiria tumbo. Nikaweka 11:00, nikalala vizuri. Ofa ikatoka saa nane mchana, sufuria zimeshaoshwa. Apu mpya niliyokuwa nimefungua ilikuwa imewekwa saa za UTC, na Nairobi iko mbele ya UTC kwa saa tatu. 11:00 yao ni 14:00 yetu. Ratiba ya ndani ya Instagram hufuata saa ya simu uliyoshika, kwa hivyo mtego huu ni nadra huko. Kwa apu ya nje, jambo la kwanza kabla ya kuandika posti yoyote ni kufungua mipangilio na kuchagua Nairobi, na kwa Buffer hilo linafanywa kwa kila akaunti kivyake.

Na tukiwa hapo kwa saa: mteja akikuandikia "weka saa moja", muulize ni saa moja ipi. Saa moja jioni ni 7:00 PM. Ukiwa na haraka na fomu ni ya Kizungu, kidole kinaandika 1:00 PM chenyewe. Hakuna apu inayojua Kiswahili cha saa, ya ndani wala ya nje.

Jambo lingine ambalo watu wa kuuza apu hawalitaji sana ni mlango wenyewe. Mitandao haiipi apu ya nje kila kitu ambacho wewe unaweza kufanya kwa kidole. Muziki wa ndani ya Instagram, stika za kubonyeza kwenye stori, hivyo haviji kupitia mlango huo. Ndiyo maana apu nyingi, ukitaka stori yenye stika au video yenye wimbo, zitakutumia tu kengele kwenye simu saa ikifika: "Maliza kuposti." Ni kazi ya mkono ileile, ila sasa umeamshwa na apu. Vilevile kama Instagram yako bado ni akaunti ya kawaida, si ya kitaalamu, utapata kengele badala ya posti kutoka yenyewe.

Halafu kuna WhatsApp. Biashara nyingi ndogo hapa kwetu huuza kwa Status kuliko Instagram. WhatsApp Business haina kitufe cha kupanga Status. Ukikutana na apu inayokuambia itakupangia Status, na inataka uskani kodi ili iingie kwenye WhatsApp yako, kimbia. WhatsApp hufunga namba zinazotumia apu zisizo rasmi, na namba yako ndiyo iliyo kwenye bango, kwenye kadi na kwenye simu za wateja wote. Dadangu akipoteza hiyo namba, amepoteza duka.

Hilo linanileta kwa kanuni ya usalama. Apu ya nje ya heshima haikuombi nywila yako. Inakupeleka kwenye ukurasa wa Facebook au Instagram wenyewe, unaingia huko, unaona orodha ya ruhusa inazotaka, unakubali. Ikikuletea kisanduku chake yenyewe uandike nywila ya Instagram humo ndani, funga. Na siku ukiachana na apu, kuiondoa kwenye simu hakutoshi, kwa sababu ufunguo bado iko nao. Ingia mipangilio ya Facebook, tafuta "Business integrations", iondoe hapo. Kwa Instagram, tafuta "Apps and websites".

Kuna kitu kimoja ambacho apu ya nje ilinishinda kwa uzuri, na sitakificha. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni na watu wakapigwa risasi barabarani, mimi nilikuwa na posti za wateja zimepangwa jioni hiyo. Moja ilikuwa mzaha wa "tumekuja kuvamia bei". Wateja niliokuwa nao kwenye apu ya nje, nilisimamisha foleni nzima. Buffer, kwa mfano, ina kitufe cha kusimamisha foleni ya akaunti. Wale niliokuwa nimewapangia kwa ratiba za ndani, niliingia ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikafungua posti moja moja, nikiwa kwenye matatu, intaneti ikisuasua. Niliwahi ule mzaha ukiwa umebakisha dakika chache. Ungetoka, hakuna mtu angekubali kwamba ni ratiba. Wangeona ni mwenye duka anacheka.

Kwa hivyo hata ukiwa na posti tano tu, jua mahali zinapokaa. Ndani ya Instagram ziko kwenye menyu, "Scheduled content". Kwa Meta Business Suite ziko "Planner". Fanya mazoezi ya kuifuta moja leo, siku hakuna shida, ndipo siku ya shida usitafute.

Basi apu ya kulipia inafaa lini? Mimi nalipa, na sijutii. Biashara tano, kila moja na akaunti mbili au tatu, kuingia na kutoka kila ukurasa kungenimaliza. Nawe utafika huko kama video ileile inaenda mitandao mitatu au zaidi kila wiki bila kukosa, si kwa mpango wa Januari tu. Au kama umeajiri mtu wa kuandika na unataka kuona posti kabla haijatoka. Hapo hata usimpe nywila: kwa Facebook unaweza kumpa ruhusa ya ukurasa bure, lakini hatua ya "bosi akubali kwanza" kwa kawaida ndiyo apu za nje zinakulipisha. Ukifika hapo, kadi ya M-Pesa GlobalPay italipa dola vizuri. Ila kumbuka malipo haya hujirudia kila mwezi hadi uyafute mwenyewe.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, baki ndani. Chukua wiki mbili zilizopita, toa posti zote zinazotegemea stoki iliyopo leo, hesabu zilizobaki. Namba hiyo ikikaa ndani ya Meta Business Suite bila kukusumbua, dola zako zina kazi nyingine.

Dadangu alipanga zake tano Jumapili iliyopita, akiwa amekaa kwa ngazi nje ya nyumba. Jumanne posti ya kupima mguu ikatoka saa moja jioni, ile ya 7:00 PM. Alikuwa anafungua belo, hata hakuiona ikitoka. Ameniambia zile 2,340 zinaenda kwa taa nyeupe ya kupiga picha za viatu, kwa sababu wateja wamelalamika rangi haionekani. Sikuwa na la kubisha.